Tupeane uzoefu: kapsheni ya vitabu vipya shule zikikaribia kufunguliwa

Rafu ya Juu: Mzigo wa muhula wa pili umeshuka, shule zinafunguliwa wiki ijayo. Hapa Kenya, kapsheni ya "Vitabu vyote vya mtaala vimefika, karibuni" haimsaidii mzazi. Yeye ana orodha ya shule mkononi. Nyie mnaanzaje?

Karani wa Stoo: Anza na gredi na somo, kisha mchapishaji. Somo moja huwa na vitabu vya wachapishaji kadhaa vilivyoidhinishwa na KICD, na shule huchagua kimoja. Ukiandika "Hisabati Gredi 7" tu, mzazi atanunua cha mchapishaji mwingine, na Jumatatu anakirudisha kikiwa kimeshaandikwa jina kwa kalamu ya wino. Ongeza "Kitabu cha Mwanafunzi", kwa sababu jalada la mwongozo wa mwalimu hufanana nacho, tofauti ni maneno madogo tu.

Mama wa Gredi Sita: Samahani, mnapokea vya mitumba? Mwanangu amemaliza vyake, havina hata mkunjo.

Karani wa Stoo: Mada hiyo ina uzi wake, mama. Ila kabla hujaviuza tazama toleo.

Bandari: Mimi nasema weka kiungo cha wasapu mwishoni mwa kapsheni, mteja abonyeze aagize. Kwisha.

Rafu ya Juu: Kwa Facebook sawa. Kwa Instagram kiungo ndani ya kapsheni hakibonyezeki, kinabaki maandishi matupu. Kiweke kwenye wasifu. Na kiandikwe hivi, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo:

```
wa.me/2547XXXXXXXX
```

Pia Instagram huikata kapsheni baada ya mstari mmoja au miwili. Salamu ndefu ikikaa juu, gredi inafichwa.

Karani wa Stoo: Ningeiandika hivi:

"GREDI 7, Hisabati, Kitabu cha Mwanafunzi, [mchapishaji], toleo la [mwaka]. Vimebaki 40. Sh [bei]. Tuma picha ya orodha ya shule, tukufungashie kabla ya Jumamosi saa 10 jioni."

Hiyo picha ya orodha ndiyo dawa. Mzazi akiandika majina mwenyewe, mchapishaji ndiye wa kwanza kusahaulika.

Bandari: "Vimebaki 40" usiiache hapo siku tatu. Vikiisha, watu watakuja na hasira zao. Hariri kila jioni.

Mzee wa Kaunta: Bei siweki. Jirani anaiona, anashusha shilingi ishirini.

Rafu ya Juu: Usipoiweka, siku nzima ni kujibu "bei gani?" huku foleni iko kaunta.

Mzee wa Kaunta: Heri hiyo foleni.

Karani wa Stoo: Kwa bei mtabishana mpaka shule zifungwe. Lakini andikeni gredi na tarehe juu ya picha yenyewe pia. Kwenye magrupu ya wazazi picha husambazwa bila kapsheni, halafu muhula wa tatu mtu anakuja kudai bei ya Aprili.