Mrejesho: tagi ya mahali kwenye video za viazi karai

Swali langu lilikuwa: "Video zangu zinatazamwa sana, mbona hakuna anayefika kibandani?"

Ahsanteni ndugu zangu. Niliacha tagi ya Mombasa nzima, nikaweka Mama Ngina Waterfront, hatua chache kutoka nilipo. Watazamaji walipungua, lakini jioni wateja wakaanza kuja: "Wewe ndiye wa viazi karai vya kwenye simu?" Napakia alasiri, kabla watu hawajatoka kupunga upepo.

Kilichogoma ni kibanda chenyewe kuonekana kwa jina kwenye orodha ya mahali. Na tagi haimfikishi mtu mezani, maana ufuo ule ni mrefu, waliotoka Nyali walizunguka wee, hadi nilipoandika juu ya video: "chini ya mbuyu, mwavuli mwekundu."