Naomba ushauri: kugawa dau kwa farasi watatu ili faida iwe sawa

Msafiri_wa_Karen: Ndugu zangu, niko uwanja wa Ngong na mbio za mwisho za leo zimekaribia. Farasi ni wanane, nami nimechagua watatu wenye odi za 4, 5 na 8. Nimepanga kuweka shilingi 5,000, 4,000 na 2,500, ili yeyote kati yao akishinda nipokee 20,000 na nibaki na faida ya 8,500. Hesabu nimeirudia na inatoka vilevile, lakini moyo hautulii. Je, kuna kitu sijakiona?

Bwana_Mkeka: Mpango ni mzuri. Mimi hufanya hivyo kwenye mpira: naweka kwa timu ya nyumbani na kwa sare, basi nabaki kumwogopa mgeni peke yake. Ukiwa na watatu kati ya wanane, kupoteza ni kwa nadra.

BintiHesabu: Hapo sikubaliani nawe, kaka. Idadi ya farasi haisemi lolote. Kinachosema ni bei. Anahatarisha 11,500 ili apokee 20,000, maana yake mmoja wa watatu hao lazima ashinde takriban mara 58 katika kila mbio 100 kama hizi, ndipo pesa zake zirudi tu. Msafiri, unaamini watafikisha hapo?

Mama_Zawadi: Mwanangu, 11,500 ni pesa ya mtu kula mwezi mzima. Hao watano uliowaacha nao wanakimbia.

Mzee_wa_Paddoki: Kijana, nitajie jambo moja. Hiyo odi ya 8 umeiona wapi?

Msafiri_wa_Karen: Imeandikwa hapa uwanjani, mzee.

Mzee_wa_Paddoki: Uwanjani kuna mabuki na kuna toti. Nauliza ni kwa nani.

Mpelelezi: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Odi za 4, 5 na 8, kisha malipo ya 20,000 kamili bila hata senti moja ya ziada? Huo ni mfano wa ubaoni, na ndiyo maana swali la mzee halijibiwi.

Msafiri_wa_Karen: Sijatunga. Namba zimetoka kamili kwa sababu nilianza na 20,000 ninayoitaka, kisha nikaigawanya kwa odi ya kila farasi. Dau mbili za kwanza nimeshaziweka kwa buki na tiketi ninazo mfukoni. Ya tatu nataka kuiweka toti, kwa sababu buki ananipa 6 na toti inaonyesha 8. Kwa nini nikubali bei ndogo?

Mzee_wa_Paddoki: Sasa umesema. Itazame tiketi ya buki: odi yako imeandikwa pale, na atakulipa hiyo hata bei ikianguka baadaye. Tiketi ya toti ina namba ya farasi na kiasi cha dau tu, kwa sababu malipo hupatikana dirisha likishafungwa, pesa za wote zikishakusanywa na toti ikishakata fungu lake. Ile 8 ni picha ya dakika hii. Wengi wakimkimbilia farasi huyo na ikaishia 5, hizo 2,500 zitakuletea 12,500, yaani faida ya 1,000 mahali ulipotarajia 8,500. Ikishuka chini ya 4.6, farasi wako atashinda nawe utaondoka na hasara. Tena mfuko wa toti ukiwa mdogo, hata 2,500 zako zenyewe zinaishusha bei.

BintiHesabu: Kwa buki, kwa odi ya 6, ungeweka takriban 3,330 ili upokee zilezile 20,000. Jumla inakuwa 12,330 na faida 7,670. Ni pungufu, lakini ni sawa kwa wote watatu, na usawa ndio uliouomba.

Bwana_Mkeka: Toti inaweza pia kupanda hadi 10. Mimi ningesubiri dakika ya mwisho, niione bei ndipo niweke.

Mzee_wa_Paddoki: Kusubiri kunasaidia, lakini pesa nyingi za toti huingia dakika hizohizo. Na tusisahau kwamba farasi wawili wakifika pamoja, buki hukulipa kwa nusu ya dau lako.

Msafiri_wa_Karen: Nimerudi kwa buki na nimemkuta ameshuka hadi 5.5. Nimeweka 3,640, kwa hiyo jumla ni 12,640 na faida itakuwa kama 7,360. Toti sasa inaonyesha 6.2.

BintiHesabu: Basi wanahitaji kushinda zaidi ya mara 63 katika 100, na swali langu la mwanzo bado hujalijibu.

Msafiri_wa_Karen: Nilikuwa nimewapa 60, dada. Farasi wanaingizwa langoni.