Tupeane uzoefu: Umetumiwa "???" peke yake. Unajuaje mtu amekasirika au hajaelewa tu?

Cherehani Kibuye
Hamjambo wote. Sisi tunaofanya kazi kwa simu hapa Kisumu tunapokea meseji zisizo na neno hata moja. Naweka mfano mmoja tuuchambue, halafu kila mtu alete yake. Mteja wa nguo za harusi:

Jumanne 8:10 asubuhi, mteja: Fundi nguo za wasimamizi zimefika wapi?
Jumanne 8:31, fundi: Ziko karibu
Alhamisi 6:50 asubuhi, fundi: Kuna shida ya kitambaa
Alhamisi 6:52, mteja: ???

Harusi ni Jumamosi. Mngejibu nini, na mngesema hali ya mteja ni ipi?

Bodaboda Milimani
Hiyo ni hasira, hakuna mjadala. Hesabu alama: moja ni swali, mbili ni haraka, tatu mtu amewaka. Zikifika tano usijibu, zima simu 😂

Karani Mstaafu
Kuhesabu kunasaidia kidogo, lakini kunakuja mwisho. Cha kwanza ni kutazama alama zimening'inia wapi. Mtu akiuliza swali, ukanyamaza, kisha akatuma "?", hiyo imening'inia kwenye swali lake mwenyewe. Anakukumbusha tu. Lakini hapa mteja hakuwa na swali lililobaki hewani. Alama zake zinafuata maneno ya fundi, dakika mbili baadaye. Kwa hiyo zinauliza juu ya hayo maneno.

Sasa yasome hayo maneno kama mtu asiye fundi. "Kuna shida ya kitambaa." Kimeisha? Kimechanika? Rangi si ile? Ni gauni moja au yote? Hajaambiwa hata kama nguo zitapatikana. Mimi ningesoma ile "???" kama "shida gani, kiasi gani, na Jumamosi itakuwaje?" Maswali matatu kwa alama tatu, ingawa sidhani alipanga hivyo. Hofu imo. Hasira bado, ila iko njiani ukichelewa.

Cherehani Kibuye
Kwa hiyo jibu ni kumuuliza kama amekasirika?

Karani Mstaafu
Hapana, hiyo ndiyo inayomkasirisha aliyekuwa hajakasirika. Jaza kilichopungua, na kilicho kizito kwake kitangulie: "Mama, nguo zitakuwa tayari Ijumaa saa kumi jioni. Kitambaa kimepungua mita mbili kwa gauni la sita, naenda kutafuta kingine sasa hivi." Tarehe kwanza, shida baadaye. Kisha angalia anavyorudi. Akijibu "sawa" au "haya", alikuwa hajaelewa tu. Akirudi na sentensi kamili iliyonyooka, na yule aliyekuita "fundi wangu" sasa anakuita kwa jina lako lote, hapo ndipo hasira ilipo. Watu wengi wa kwetu wakikasirika kweli huandika zaidi, hawapunguzi.

Fundi Simu Kondele
Ongezeni simu yenyewe kwenye hesabu. Kwenye simu janja, ukishafungua ukurasa wa alama, "?" na "???" ni kazi ileile, kidole kinagonga palepale. Tatu hazina uzito mkubwa. Lakini kwenye kabambe, zile Nokia za zamani, alama ziko kwenye kitufe cha 1: nukta, mkato, ndipo kiulizo. Kiulizo kimoja ni kubonyeza mara tatu, kisha usubiri kidogo ndipo uanze kingine. "???" ni mibonyezo tisa na kusubiri katikati. Aliyefanya hivyo alikusudia. Modeli nyingine mpangilio ni tofauti, lakini kazi ni ileile.

Na kuna jambo watu hawalijui. SMS ya emoji ikifika kwenye simu au mtandao usioitambua, mara nyingine emoji inageuka viulizo. Mara nyingi emoji moja inakuwa viulizo viwili. Ukiona "????" bila swali lolote kabla yake, na jana yake ulimtumia mtu pesa ya matibabu, pengine alikutumia emoji mbili za mikono ya shukrani. Idadi ya shufwa ni dalili tu, si sheria, maana emoji nyingine zinavunjika vingine. Muulize ametumia simu gani.

Nakuru Njeri
Mimi mchumba wangu alinitumia "?" saa nne usiku, na tulikuwa hatujaongea tangu mchana. Anamaanisha tumeachana???

Shangazi Lurambi
Mwanangu, hiyo ni "uko wapi" au "umelala". Mtu anayeachana hatafuti jibu. Wewe mwenyewe umetuma tatu hapa na hujamkasirikia mtu.

Sisi wazee mtusome pole pole. Mimi naandika nukta nyingi ..... baada ya kila kitu, ni kupumzika tu. Binti yangu husoma kana kwamba nimenuna. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, pandeni juu kwenye meseji zake za zamani mwone kama ndivyo aandikavyo siku zote. Aliyezoea nukta akiziacha, hapo uliza kuna nini.

Bodaboda Milimani
Sawa, nakubali kidogo. Lakini hii je? Mteja anaandika "nimetuma", dakika kumi baadaye "?", dakika tano "?", dakika mbili "?". Usiniambie hajaelewa.

Karani Mstaafu
Hapo uko sawa, ila si kwa sababu ya idadi. Ni nafasi kati yao: kumi, tano, mbili. Nafasi zikibana namna hiyo, subira imekwisha. Zingekuja zote tatu ndani ya meseji moja, ningesema ni haraka tu. Na pesa ikiingia katikati, usijibu "ok". Jibu kiasi na jina lililotokea kwenye M-Pesa, kwa sababu anachoogopa ni kwamba alikosea namba.

Fundi Simu Kondele
Na asidhani kila kimya ni dharau. Kwenye WhatsApp mtu akizima taarifa za kusoma, tiki hazigeuki buluu hata akisoma. Kwenye grupu hugeuka buluu wote wakishasoma, kwa hiyo mmoja aliyezima data anawakosesha wengine. Ujumbe wa sauti ni tofauti: akiusikiliza, alama ya maikrofoni inageuka buluu hata kama amezima taarifa. Ukituma sauti ya dakika nne ukapata "?" na maikrofoni bado ni ya kijivu, hajasikiliza. Anataka uandike.

Mweka Hazina Bungoma
Na nukta moja "." kwenye grupu la chama, baada ya orodha ya ambao hawajalipa? Mwanachama mmoja huituma kila mwezi.

Shangazi Lurambi
Anasema "nimeona".

Bodaboda Milimani
Anasema mada ifungwe. Au anajaribu kama bando imeingia.

Karani Mstaafu
Nukta peke yake sijawahi kuiamini kwa tafsiri yoyote. Mweka hazina, yeye mwenyewe yumo kwenye orodha hiyo au hayumo?

Mweka Hazina Bungoma
Miezi mingine yumo, mingine hayumo.

Cherehani Kibuye
Nimemtumia mteja tarehe kwanza kama mlivyosema. Amejibu "!!" 🙄 Hii nayo imening'inia wapi?