Naomba ushauri: dawa gani ya unyevu inafaa nyumba ya zamani Mji Mkongwe?

Mkunazini_77
Assalaam alaykum wanajamvi. Tuna nyumba ya urithi Mji Mkongwe, Zanzibar, chini na ghorofa moja, kuta za mawe. Ukuta wa chini upande wa kichochoro umelowa hadi kiunoni, rangi inabanduka na unatoka unga mweupe. Mwaka jana nilipaka rangi ya mafuta, haikumaliza masika. Nataka kukarabati kabla ya Ramadhani ili chini tupangishe. Sebule ni kubwa, upana mita 5.8 kwa urefu mita 6, dari ya boriti. Fundi anasema tubandue lipu yote, tupige saruji yenye dawa ya maji, halafu boriti tuzitoe tumwage zege. Swali langu ni moja tu: dawa ipi? Kuna na ufa mdogo pembeni, lakini huo ni wa siku nyingi.

Kibokoni_Msa
Waalaykum salaam ndugu yangu. Usinunue dawa yoyote. Nyumba ya mama yangu Mombasa tuliipiga saruji nje na ndani, unyevu ukatoka kiunoni ukapanda hadi dirishani. Jiwe la matumbawe linanyonya maji kama sponji, na chokaa huyaachia yatoke taratibu. Ukiziba kwa saruji maji yanatafuta njia ya juu, na chumvi yake inakwenda nayo. Huo unga mweupe ndiyo chumvi. Ita watu kesho wabandue saruji yote, urudishe chokaa. Hakuna dawa nyingine.

Nondo_16
Mimi ni fundi wa zege miaka 20. Boriti zinaliwa na mchwa, zinaoza, mnazing'ang'ania za nini? Na msimtishe mtu kwamba zege ni zito. Sakafu ya zamani ni mawe na chokaa juu ya boriti, unene hadi sentimita 30, zaidi ya nusu tani kwa kila mita ya mraba. Zege la sentimita 15 halifiki kilo 400. Pigeni hesabu wenyewe.

Binti_Shela
Mimi sijui mambo ya nondo, nasema la kwetu Lamu. Nyumba ya bibi ilikuwa na vidaka ukuta mzima, vya lipu iliyochongwa kwa mkono. Fundi alitaka ukuta ulionyooka, akavijaza na kusawazisha. Hatukupiga hata picha moja. Leo wajukuu wananiuliza bibi alikuwa anaweka wapi vyombo vyake vya kaure, nawaonesha ukuta mtupu. Kaka, kabla hujagusa kitu piga picha, tafadhali.

Mzee_wa_Baraza
Mwanangu, umesema nyumba ya urithi. Warithi mmekaa kikao? Nimeona nyumba nyingi zimeanza na ndoo ya rangi zikaishia kwa kadhi.

Mkunazini_77
Mzee wangu, warithi tunaelewana, alhamdulillahi. Dada Shela, vidaka hatuna. Naomba turudi kwenye dawa.

Tanuu
Kaka Mkunazini, kwanza naomba majibu manne. Nje upande wa kichochoro kuna lipu ya chokaa au saruji? Maji ya paa yanashukia wapi? Huo ufa unaanzia wapi hasa? Na juu ya hiyo sebule anakaa nani?

Mkunazini_77
Nje ni saruji, ilipigwa zamani. Maji ya paa yanapita kwenye gata nyuma ya ukingo, bomba linashuka kichochoroni. Juu anakaa shangazi yangu. Ufa nimeshasema ni mdogo.

Chumvi_ya_Bahari
Jamani, mnajibu hadithi ya kutungwa. Someni tena: chumba upana mita 5.8, dari ya boriti. Boriti ni mkoko, na mkoko mnene ulionyooka unakupa kama mita 3 za kuvuka chumba, ikizidi ni kidogo. Ndiyo maana vyumba vya zamani pwani yote hii ni virefu na vyembamba. Chumba cha mita 5.8 cha boriti hakipo Zanzibar, hakipo Lamu wala Mombasa. Huyu anauza dawa za unyevu. Ngojeni, atakuja mwenzake na akaunti mpya ataje jina la dawa.

Nondo_16
Hapo umesema kweli. Mita 5.8 hata mimi ilinipita.

Kibokoni_Msa
Kumbe! Na mimi nimemwaga siri za nyumba ya mama yangu bure.

Mkunazini_77
Siuzi chochote na sijadanganya. Kipimo nilipima mwenyewe kwa futi ya chuma. Chumba ni 5.8 kwa sababu vilikuwa vyumba viwili. Mpangaji wa zamani alitaka duka, akatoa ukuta wa kati na kuweka chuma kama reli juu, kutoka ukuta wa kichochoro hadi ukuta wa uani. Boriti za pande zote mbili zinakutana hapo. Sikulitaja kwa sababu kazi ile haikuwa na kibali, na niliogopa kuambiwa niende ofisini kazi isimame mwaka mzima. Sasa mmejua.

Tanuu
Ahsante kwa ukweli. 2.7 na 2.7 na ukuta wa sentimita 40 katikati, inatimia 5.8. Ndugu Chumvi, jicho lako limetusaidia sote.

Sasa niambie mawili: ule ukuta wa kati, je, ghorofani bado upo? Na ufa unaanzia pale chuma kinapoingia ukutani?

Mkunazini_77
Ghorofani upo, ndio ukuta wa chumba cha kulala cha shangazi. Ufa ndiyo, unaanzia chini ya ncha ya chuma upande wa kichochoro, unashuka kwa mshazari.

Tanuu
Basi rangi iache kwanza. Ukuta wa shangazi hauna mwenzake chini, umekaa juu ya chuma pamoja na ncha za boriti za vyumba viwili. Na ncha ya chuma hicho imelala kwenye ukuta uleule uliolowa maji ya chumvi. Chuma kikishika kutu kinavimba na kupasua mawe yanayokishika. Na ukuta wetu si jiwe moja: nyuso mbili za mawe, katikati kifusi cha vijiwe, chokaa na udongo mwekundu. Mzigo wote ukikaa kwenye nafasi ndogo kama ile, kifusi kinasagika ndani bila wewe kuona.

Leo hii shangazi alale chumba kingine. Kesho tafuta mirunda na ubao mnene, shikilia boriti pande mbili za chuma, chini uweke ubao mwingine ili mzigo utawanyike sakafuni. Mrunda ushike tu, usiinue. Ukikaza mpaka dari ipande, unatengeneza nyufa mpya.

Kuhusu kubandua saruji kesho, ndugu Kibokoni yuko sahihi kwenye ugonjwa, si kwenye haraka ya tiba. Saruji imeshikana na uso wa jiwe. Ukiigonga kwa nyundo kubwa kwenye ukuta uliokwisha kupasuka, inatoka na uso wa jiwe na kifusi kinamwagika. Kagueni kwanza.

Anza juu, maana maji yanatoka juu. Mwaga ndoo mbili kwenye gata siku ya jua, mtu asimame kichochoroni aone yanapotokea. Nyumba zetu nyingi zilikuwa na paa la bapa, bati likaja baadaye na gata likafichwa nyuma ya ukingo. Likiziba majani, maji yote yanaingia ndani ya ukuta. Huenda nusu ya unyevu unaodhani unatoka ardhini unashuka kutoka juu.

Kisha boriti. Zipe namba kwa chaki kuanzia mlangoni, uchore karatasini. Mkoko mara nyingi hauanzi kuoza katikati, huanzia ncha iliyozama ukutani. Chukua bisibisi nyembamba, sukuma karibu na ukuta. Ikigoma ni nzima, ikizama kama kwenye mkate andika namba yake. Usivunje ukuta kutazama ncha. Tafuta mahali lipu imeshaanguka yenyewe, fungua hapo tu, nafasi ya kiganja, mbili au tatu zatosha. Piga picha kabla na baada, futi ya kupimia ionekane ndani ya picha.

Mwisho ufa. Paka juu yake plasta ya jasi kama upana wa vidole vitatu, sehemu ya juu na ya chini, andika tarehe palepale. Ikikatika, ufa ni hai.

Nondo_16
Mzee Tanuu, nakubali mirunda. Lakini boriti zikiwa mbovu bado zege ndilo jibu, na hesabu yangu ya uzito hukuijibu.

Tanuu
Hesabu yako ni sawa, zege ni jepesi kuliko sakafu ile. Shida yangu ni kulikalisha. Boriti inaingia ukutani kwa tundu lake, baina ya tundu na tundu jiwe limebaki. Zege utalikalisha wapi? Utachimba mfereji mita 6 mfululizo kwenye ukuta uliopasuka, na ukishatoa boriti zote kuta mbili hazishikani tena kwa siku kadhaa. Ikiwa zilizooza ni chache, unaweka boriti mpya ubavuni mwa mbovu, au ubao wa mti mgumu chini ya ncha ukibebwa na vishikio. Nyingi zikiwa mbovu, hapo tutazungumza upya na mhandisi awepo.

Nondo_16
Mfereji nachimba vipande vipande, mita moja moja, kila kipande kikishika nahamia kingine. Nimefanya.

Tanuu
Kwenye matofali nakuamini. Kwenye kifusi sijaona.

Mzee_wa_Baraza
Vijana, Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, upande wake ulianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati. Mafundi wawili walifariki, Mungu awarehemu. Mwanangu, nenda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Aibu ya kibali ni ndogo kuliko jeneza.

Mkunazini_77
Nimewasikia. Lakini mnanilaumu bure, nondo nimeshalipia na fundi anaanza Jumamosi. Nikimwambia asubiri anahamia kazi nyingine. Na shangazi anakataa kuhama chumba, anasema amelala humo tangu aolewe.

Binti_Shela
Kaka, mwambie tunapiga picha chumba chake kwa ajili ya kumbukumbu ya ukoo, kitanda kihamie upande wa pili kwa siku chache. Atakubali. Na umuulize nyumba ilikuwaje kabla ya duka, mlango wa ukuta ule wa kati ulikuwa wapi. Hilo hulipati kwenye bisibisi.

Mkunazini_77
Narudi baada ya siku 12. Shangazi amehamia chumba cha nyuma, kwa njia ya dada Shela. Amenionesha kwa mkono palipokuwa na mlango, na kusema pembeni yake kulikuwa na shubaka la taa. Mirunda minane imesimama. Gata lilikuwa limeziba kabisa, ndoo ya kwanza tu maji yalitokea ukutani ndani, juu kabisa ya ufa. Boriti ni 19 kila upande wa chuma. Upande mmoja zote ngumu. Upande wa pili bisibisi imezama kwenye namba 7 hadi 12. Nondo zipo uani chini ya turubai, fundi bado ananipigia. Plasta ya jasi ya chini ni nzima. Ya juu, karibu na chuma, imekatika jana, mstari mwembamba kama unywele.

Tanuu
Tuma picha ya ile ya juu, tarehe ionekane. Na ofisini unakwenda na nani?

Mkunazini_77
Jumatatu, na kaka yangu. Picha nazituma usiku.