Koo linawaka na kikohozi kinanibana baada ya mpira wa asubuhi

Winga_Njombe: Wakuu, naomba ushauri. Nina miaka 23. Tangu baridi ya Juni ianze, tukifanya mazoezi saa 12:30 asubuhi koo linawaka kama nimemeza pilipili. Uwanjani navumilia. Kikohozi kinakuja tukishamaliza, nimekaa chini navua viatu, na kinachukua karibu nusu saa kutulia. Jumapili tulicheza uwanja wa vumbi, kifua kikabana kabisa. Sivuti sigara.

Kocha Mstaafu: Hiyo ni pumzi fupi, kijana. Vuta hewa kwa pua, ongeza mizunguko ya uwanja, itaisha.

Muuguzi wa Zamu: Kocha, pua ni sahihi, maana inapasha hewa joto na kuilowesha. Lakini winga akishakimbia kwa kasi lazima afungue mdomo, na hapo hewa kavu ya baridi inakausha njia za hewa mpaka zinajikaza. Kukohoa zaidi dakika 5 hadi 10 baada ya kuacha kukimbia, kisha kupoa ndani ya saa moja, kunanifanya nifikirie njia za hewa kuliko pumzi fupi. Mdogo wangu, usiku unaamka ukikohoa? Kifua kinapiga mluzi? Utotoni ulikuwa na pumu?

Winga_Njombe: Usiku nalala vizuri, dada. Mluzi niliusikia hiyo Jumapili tu. Mama anasema nilikuwa nabanwa kifua nikiwa mdogo.

Mama Wawili: Mimi koo linawaka nikilala tu baada ya kula, nikaambiwa ni asidi ya tumbo. Labda na wewe?

Muuguzi wa Zamu: Inawezekana kama anakunywa chai na maandazi kisha anakimbia. Ila mluzi na historia ya utotoni vinahitaji kupimwa: unapuliza kwenye kipimo cha pumzi, unakimbia dakika 6 hadi 8, kisha unapuliza tena mara kadhaa. Pumzi ikishuka sana, jibu linaonekana. Kwa sasa, kabla ya mechi pasha mwili dakika 15, ukichanganya mbio fupi za kasi na kupumzika. Kwa wengi njia za hewa hutulia kwa saa moja hivi baada ya hapo. Funga skafu mdomoni. Inhela ya mtu usiiazime. Ukipimwa ikaonekana unaihitaji, utaelekezwa kuivuta dakika 10 hadi 15 kabla ya kucheza. Kifua kikibana hadi ushindwe kumaliza sentensi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Winga_Njombe: Mrejesho wa wiki mbili. Nimepasha mwili hivyo na skafu nimefunga. Asubuhi ya baridi nimekohoa mara tatu nne tu. Ila kwenye vumbi bado, skafu ilitoka nyekundu kwa udongo na kifua kikabana vilevile. Kipimo ni Alhamisi.

Kocha Mstaafu: Waambie wamwagie uwanja maji kabla ya mechi. Sisi tulikuwa tunabeba ndoo.

Muuguzi wa Zamu: Mpaka Alhamisi, uwanja wa vumbi uache.