Kipimo cha njia: mbele ngozi inaonekana, kisogoni haionekani. Nikate sare au leya?

Tumaini_N
Wakuu, nachagua kati ya mikato miwili ya nywele, na kipimo cha njia, kile cha kupasua nywele uone ngozi inaonekana kiasi gani, kimenichanganya. Wa kwanza ni sare: ncha zote usawa mmoja, zinaishia kidevuni. Wa pili ni leya: za juu fupi, za chini zinafika begani. Nywele zangu zimenyooka, sasa hivi zinapita bega kwa kiganja kizima. Nimepasua njia sehemu nne. Utosini ngozi inaonekana kama milimita 4, juu ya sikio kama 3, katikati ya nyuma ni kauzi tu, na kisogoni karibu sioni kitu. Sasa mimi ni wa nywele chache au nyingi?

BiMkasi
Achana na njia, hicho kipimo kinadanganya. Funga nywele zote nyuma, zungushia uzi pale penye kibanio, halafu pima uzi kwa rula. Chini ya sentimita 5 ni chache, 10 na kuendelea ni nyingi. Ukiwa na chache, kata leya ziumuke.

Kitana_Chembamba
BiMkasi, uzi unapima mambo mawili kwa mpigo: idadi ya nywele na unene wa kila unywele. Mwenye nywele chache nene na mwenye nyingi nyembamba wanaweza kutoa mzingo uleule, ilhali hawakatwi sawa. Tena uzi unachanganya mbele na nyuma, na swali la Tumaini liko hapohapo, kwamba mbele na nyuma hazifanani.

Tumaini, kabla ya kuchagua, rudia kipimo. Ulikuwa umepaka mafuta? Zilikuwa kavu kabisa? Mafuta na maji hukusanya nywele vishada vishada na kuacha uchochoro katikati, kwa hiyo hata kichwa kilichojaa kitaonekana kitupu. Osha, usipake chochote, subiri zikauke hadi kwenye shina. Halafu usiipasue njia yako ya kila siku. Pale nywele zimezoea kulala pande mbili, ngozi inaonekana hata kama zimejaa. Sogea sentimita 2 pembeni, pitisha ncha ya mkia wa kitana mara moja, kisha toa mikono. Wengi huzivuta pande zote mbili kwa vidole ili waone vizuri, na hapo wanapima nguvu ya vidole vyao.

Ukishatoa mikono, tikisa kichwa kidogo uangalie tena. Njia ikijifunga yenyewe, sehemu hiyo ina nywele za kutosha. Ikibaki wazi, ni chache. Mimi naiamini hatua hii kuliko milimita. Picha ipigwe kwa mwanga wa dirishani bila flashi, maana flashi huifanya ngozi ing'ae.

Mama_Leya
Naongeza rangi. Nywele nyeusi kwenye ngozi nyeupe huonyesha mstari mpana kuliko ulivyo, na nywele zinazokaribiana rangi na ngozi huuficha. Ndiyo maana usilinganishe njia yako na picha ya mtu mwingine. Linganisha utosi wako na kisogo chako.

Sele_Kipilipili
Mimi za kipilipili, nikipasua naona mstari mweupe safi kabisa. Kumbe nina nywele chache?

Kitana_Chembamba
Hapana, kaka. Kitana kimezivuta zikalala pembeni, mstari safi ni kazi ya kitana. Zinyooshe kwanza kwa kusuka mafundo makubwa usiku kucha, fungua, pasua, halafu ziache zijirudi. Ukitaka uhakika, pasua njia ya pili sentimita moja kutoka ya kwanza uangalie kile kitanda cha nywele katikati. Ukiona ngozi hadi ndani ya kitanda, ni chache. Usipoiona, zimejaa.

Neema_88
Samahani nadandia. Njia yangu ya katikati imepanuka kuliko mwaka jana. Mkato gani utaifunika?

Mama_Leya
Dada, hilo ni swali jingine. Kipimo hiki kinasoma wingi ulionao leo. Njia inayopanuka inamwita daktari wa ngozi kabla ya mkasi. Kwa sasa hamisha njia pembeni, na acha mitindo inayovuta nywele za mbele.

Tumaini_N
Nimeosha na kurudia. Kweli nilikuwa na mafuta. Juu ya sikio sasa panajifunga. Utosini pamebaki wazi, kama milimita 3. Nyuma zote zinajifunga. Unywele mmoja mmoja nikiusugua kati ya vidole siusikii kabisa.

Kitana_Chembamba
Basi una nywele nyembamba, chache juu, nyingi nyuma. Leya ulizotaja zitakuumiza. Ili za juu ziwe fupi, inabidi zitolewe kwenye ncha, na huna za kutoa hapo. Begani utabaki na ncha zinazopitisha mwanga. Leya huumua nywele zenye mawimbi, kwa hiyo BiMkasi hajakosea kwa watu hao. Zilizonyooka na nyembamba hulala tu.

Fanya hivi: shika ncha zako, tandaza karatasi nyeupe nyuma yake, panda juu taratibu. Pale unapoacha kuiona karatasi kati ya nywele ndipo mkasi upite. Mara nyingi ni sentimita 5 hadi 8 juu ya ncha, kwa sababu si kila unywele ulifika urefu ule.

Sare ya kidevuni inakufaa mbele, lakini nyuma ina mtego. Kisogo kilichojaa kikikatwa sare kifupi, nywele za chini huzisukuma za juu nje na kichwa kinakuwa pembetatu. Mwambie fundi ukingo uwe sare, ila chini ya mfupa uliotokeza kisogoni, tabaka la ndani liwe fupi kuliko la nje kwa sentimita moja hivi. Za nje zitaliangukia na kujikunja kuingia ndani.

BiMkasi
Au apitishe mkasi wenye meno kupunguza wingi kisogoni, dakika mbili kazi imeisha.

Kitana_Chembamba
Kwa nywele nyembamba sishauri. Ukipita karibu na shina, baada ya mwezi au miwili vile vipande vifupi vinasimama na kusukuma za juu. Kisogo kinavimba kuliko awali.

Mama_Leya
Hapo hatukubaliani. Ukianzia nusu ya urefu kwenda chini, na ukafunga mkasi mara moja tu kila kishada, havisimami. Shida ni mafundi wanaorudia palepale mara tatu. Ila mbele, asiguse kabisa, hapo niko nawe.

Tumaini_N
Na nikitaka kishungi cha mbele kwenye paji?

Mama_Leya
Kinawezekana kikiwa chembamba. Pembetatu ya nywele za kishungi isiingie zaidi ya sentimita 3 kutoka ukingo wa paji. Ikienda ndani zaidi, nywele zinachotwa utosini, palepale njia yako inapobaki wazi.

Tumaini_N
Sawa. Nitaanza na usawa wa mfupa wa bega, karatasi imegoma hapo. Kisogo nitamwambia tabaka la ndani, meno sijaamua.