Mjadala: betri ya kuchomoa au ya gundi?

Mwanzisha mada: Je, betri zilizobandikwa kwa gundi ndizo zinazozifupishia simu zetu maisha, au tunazilaumu bure?

Msomaji wa Usiku: Mnazilaumu bure. Gundi ndiyo inayozuia maji, na anayetaka kifuniko cha kubandua kwa kucha asilalamike simu yake ikilowa.

Fundi Mkongwe: Ndugu, hilo la maji linarudiwa mno. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na betri ya kuchomoa kwa mkono na bado ilithibitishwa kwa kiwango cha IP67 cha kuzuia vumbi na maji, kwa sababu kifuniko chake kilikuwa na mpira wa kuziba pembeni. Tena, gundi inayozuia maji ni ile ya kioo na kifuniko. Ile iliyo chini ya betri kazi yake ni kuishikilia tu isichezecheze.

Mama Wawili: Yangu imeanza kuinua kioo upande mmoja, na gizani mwanga unavuja pembeni. Nimeifunga kwa mpira na inafanya kazi vizuri. Kwa nini niibadilishe?

Msomaji wa Usiku: Bila shaka ni chaja ya ovyo.

Mama Wawili: Chaja ilikuja na simu, na sikuja hapa kutuhumiwa.

Fundi Mkongwe: Dada, ondoa huo mpira leo, na usiichaji tena. Betri huvimba kwa sababu kimiminika kilichomo huvunjika na kutoa gesi, na kinachoharakisha ni umri, joto na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa, hata kwa chaja halali. Ukiibana, unakandamiza tabaka za ndani zisizopaswa kugusana, na zikigusana inaweza kuwaka. Betri za kuchomoa nazo zilivimba, lakini kifuniko kilijibenua na mwenyewe aliitoa papo hapo. Hii yako imenaswa kwenye gundi. Kwa betri ambayo haijavimba, mimi huacha chaji ishuke chini ya robo, nikadondosha spiriti kidogo pembeni, nikasubiri gundi ilegee, kisha nikapenyeza kadi ya plastiki polepole, kamwe si chuma. Iliyovimba haipaswi kukunjwa wala kutobolewa, kwa hiyo mpelekee fundi.

Mpenda Sheria: Umoja wa Ulaya umeshamaliza ubishi huu: ifikapo Februari 2027 zote zitakuwa za kuchomoa.

Fundi Mkongwe: Si zote. Kanuni za simu zilizoanza Juni 2025 zinaruhusu betri ibadilishwe na fundi peke yake, ikiwa inabaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 1,000 na simu yenyewe inazuia maji.

Msomaji wa Usiku: Basi hata wao wamekubali kuwa gundi ina sababu.

Fundi Mkongwe: Wamekubali betri inayodumu, ndugu. Kwenye meza yangu naona vioo vilivyopasuka wakati wa kufuata betri iliyochoka, na mwenye simu hukuta kioo kipya kinamgharimu zaidi kuliko betri yenyewe.

Mama Wawili: Nimeizima. Je, niiweke wapi hadi kesho?

Fundi Mkongwe: Juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na kitanda, mapazia na jua.